Ukitafuta Riwaya, Mtafute Aliyeichapa

Euphrase Kezilahabi alizaliwa Namagondo, kisiwani Ukerewe, mwaka 1944, akafariki Dar es Salaam Januari 2020. Alituachia riwaya sita: Rosa Mistika, Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo, Gamba la Nyoka, Nagona na Mzingile. Hakuna mwalimu wa fasihi ya Kiswahili asiyezitaja. Lakini msomaji wa kawaida anayetaka kuzikusanya zote sita na kuzisoma kwa mfuatano atashangaa. Moja ataiona dukani Nairobi, nyingine ataambiwa iliisha zamani, nyingine atakutana nayo maktaba tu, imefunikwa gamba la karatasi ngumu na jina limeandikwa kwa wino.

Sababu ya mtawanyiko huo haimo ndani ya riwaya zenyewe, wala si kwamba watu walikataa kuzisoma. Riwaya hizo sita zilitolewa na wachapishaji wanne tofauti katika muda wa miaka 20, na watatu kati yao hawapo tena. Kila mchapishaji alipoanguka, vingi vya vitabu vyake vilibaki bila mwenyewe. Ndiyo maana kwa mtu aliyemaliza shule na sasa anataka riwaya za lugha aliyonyonya, ama yuko Mombasa, ama Bujumbura, ama amehamia Maskati au Toronto, kujua majina ya waandishi hakutoshi. Inampasa ajue pia ni nani alikichapa kitabu, na mchapishaji huyo aliishia wapi. Hiyo ndiyo historia ninayotaka kuisimulia.

Riwaya kwa maana tunayoijua leo ilikuja katika Kiswahili kwa mlango wa tafsiri. Mwaka 1928 serikali za kikoloni za Afrika Mashariki zilikubaliana mjini Mombasa kwamba Kiunguja ndicho kiwe msingi wa Kiswahili sanifu, na mwaka 1930 ikaundwa Kamati ya Lugha ya kusimamia jambo hilo. Katibu wake wa kwanza, Frederick Johnson, alikuwa pia mfasiri. Kwa mkono wake, na wa wenzake, wanafunzi wa shule walipata Kisiwa chenye Hazina, Mashimo ya Mfalme Sulemani, Alfu Lela Ulela na safari za Gulliver. Vitabu hivi vilichapwa London vikaletwa kwa meli, na vilikusudiwa kufundishia Kiswahili kipya kilichokuwa kinasanifishwa. Vilichapwa tena na tena, na ndiyo sababu hata leo bado vinaonekana katika kabati za wazee waliosoma enzi za mkoloni.

Mwaka 1934 ilitoka, London pia, Uhuru wa Watumwa ya James Mbotela, hadithi ya watumwa waliookolewa baharini na kukaa Frere Town, Mombasa. Wengi huiita riwaya ya kwanza iliyotungwa kwa Kiswahili, ingawa wapo wanaoiona kuwa simulizi ya historia zaidi kuliko riwaya. Mimi nadhani ubishi huo hauna haja ya kutuchelewesha. Jambo la kuangalia ni kwamba hata kitabu hicho cha mtu wa pwani, kuhusu watu wa pwani, kilitegemea mchapishaji wa kimisheni aliyekuwa Ulaya.

Shaaban Robert aliyaonja matatizo hayo kuliko mtu yeyote. Aliiandika Kufikirika katikati ya miaka ya 1940. Kusadikika, aliyoiandika baadaye, ilitangulia kuchapwa, mwaka 1951, na Adili na Nduguze ikafuata mwaka uliofuata. Kufikirika ilikaa, ikakaa. Shaaban Robert alifariki Juni 1962, na kitabu kikatoka miaka mitano baadaye. Utubora Mkulima na Siku ya Watenzi Wote nazo zilitoka baada ya mwenyewe kuzikwa. Msomaji anayepanga vitabu vyake kwa mwaka wa kuchapwa anaweza kudhani mzee huyu aliandika riwaya zake mwishoni mwa miaka ya 1960. Mwaka ulioandikwa ndani ya kitabu unaeleza safari ya karatasi, wala hauelezi safari ya fikira za mtunzi.

Mlango wa nyumbani ulifunguliwa mwaka 1948, ilipoanzishwa East African Literature Bureau, yenye makao yake Nairobi. Lilikuwa shirika la serikali za kikoloni, na kazi yake ilikuwa kuchapa vitabu vya lugha za Kiafrika na kuvifikisha kwa wasomaji, pamoja na kuazimisha vitabu kwa njia ya posta kwa watu waliokaa mbali na miji. Ndilo lililotangaza shindano la hadithi za Kiswahili la mwaka 1957 na 1958. Mshindi alikuwa Mzanzibari mwandishi wa habari, Muhammed Said Abdulla, na hadithi yake ilikuwa Mzimu wa Watu wa Kale. Ilichapwa mwaka 1960.

Natua kidogo hapa kwa sababu kitabu hiki kilifanya jambo ambalo halikuwa limefanyika. Kilimpa msomaji wa Kiswahili mpelelezi wake mwenyewe, Bwana Msa, mvuta kiko anayefumbua mauaji kwa kufikiri, katika Unguja ya viunga na mizimu. Watu walikisoma kwa raha, bila kulazimishwa na mtihani wowote. Abdulla aliendelea na Bwana Msa katika Kisima cha Giningi, Duniani Kuna Watu, Siri ya Sifuri na nyinginezo, hadi Kosa la Bwana Msa mwaka 1984. Nyuma yake akaja Faraji Katalambulla na Simu ya Kifo, mwaka 1965. Kama mtu ananiuliza aanze wapi kusoma riwaya kwa Kiswahili baada ya miaka mingi ya kusoma lugha nyingine, mimi humpeleka kwa Bwana Msa kabla ya Shaaban Robert. Sentensi zake ni za mtu anayezungumza, na fumbo lake humvuta msomaji mpaka ukurasa wa mwisho hata anapokutana na maneno asiyoyajua.

Baada ya uhuru wachapishaji waliongezeka. East African Publishing House ilianza Nairobi mwaka 1965. Tanzania Publishing House ilianza Dar es Salaam mwaka 1966. Heinemann, Longman na Oxford, kampuni za Uingereza, zilikuwa na matawi Nairobi. Muongo uliofuata ulikuwa wa neema. Mwaka 1972 ilitoka Kiu ya Mohamed Suleiman Mohamed, na Nyota ya Rehema mwaka 1976. Said Ahmed Mohamed akatoa Asali Chungu mwaka 1977 na Utengano mwaka 1980. Adam Shafi akatoa Kasri ya Mwinyi Fuad mwaka 1978 na Kuli mwaka 1979. Wote watatu ni wa Zanzibar. Nchini Kenya, Katama Mkangi alianza na Ukiwa mwaka 1975.

Tafsiri nazo zilibadilika sura. Safari hii hazikuwa hadithi za hazina na mabaharia. Fortunatus Kawegere alimleta George Orwell kwa jina la Shamba la Wanyama, mwaka 1967, mwaka uleule wa Azimio la Arusha. Clement Ndulute akamleta Chinua Achebe kwa jina la Shujaa Okonkwo, mwaka 1973. Riwaya za Ngũgĩ wa Thiong'o zikaja kwa majina ya Usilie Mpenzi Wangu na Njia Panda, na baadaye Shetani Msalabani. Abdilatif Abdalla, mshairi wa Mombasa aliyekuwa amefungwa kwa maandishi yake, akaifasiri riwaya ya Mghana Ayi Kwei Armah kwa jina la Wema Hawajazaliwa. Kwa mara ya kwanza Mswahili aliweza kusoma Waafrika wa magharibi kwa lugha yake, bila kupitia Kiingereza wala Kifaransa.

Kezilahabi aliingia katikati ya neema hiyo. Rosa Mistika, mwaka 1971, ilichapwa na Literature Bureau. Ni hadithi ya msichana wa Ukerewe aliyelelewa na baba mkali kupita kiasi, akatoka nyumbani bila kujua namna ya kuishi na uhuru wake. Ilizungumza waziwazi juu ya mapenzi na utoaji mimba, na ikapigwa marufuku shuleni. Kichwamaji, mwaka 1974, akaipeleka East African Publishing House. Dunia Uwanja wa Fujo, mwaka 1975, ikarudi Literature Bureau. Hakuna aliyeona hatari yoyote wakati huo. Mwandishi alikwenda kwa mchapishaji aliyekuwa tayari, basi.

Kisha ukaja mwaka 1977. Jumuiya ya Afrika Mashariki ilivunjika, na kufikia wakati huo Literature Bureau lilikuwa shirika la Jumuiya. Likavunjika nayo. Upande wa Kenya, mali na vitabu vyake vilirithiwa na Kenya Literature Bureau. Mpaka wa Kenya na Tanzania ulifungwa mwaka huohuo na kubaki umefungwa kwa miaka kadhaa, kwa hiyo vitabu vya waandishi wa Tanzania vilivyokuwa katika ghala za Nairobi vikawa upande wa pili wa mpaka. Fikiria hali ya mwalimu wa Mwanza mwaka 1978 anayetaka nakala za Rosa Mistika: kitabu kimeandikwa na jirani yake wa Ukerewe, lakini kinauzwa katika nchi asiyoweza kuvuka kwenda.

Riwaya ya nne, Gamba la Nyoka, ilitoka mwaka 1979, nayo ikachapwa na Eastern Africa Publications, shirika la umma la Tanzania lililokuwa Arusha. Halikudumu. East African Publishing House nayo ilifilisika katika miaka ya 1980. Hapo ndipo vitabu vingi vya Kiswahili, vya kutungwa na vya kufasiriwa, vilipokuwa mayatima kwa mkupuo mmoja. Shujaa Okonkwo na Shamba la Wanyama vilikuwa miongoni mwa vitabu vya East African Publishing House.

Miaka hiyo hiyo Tanzania ilikuwa haina fedha za kigeni, na karatasi iliadimika. Wachapishaji wa serikali walitanguliza vitabu vya shule. Wasomaji hawakuacha kusoma: waliandikiwa na watu waliojichapia wenyewe. Elvis Musiba alikuwa ameanza na Willy Gamba katika Kufa na Kupona mwaka 1974, akaendelea. Ben Mtobwa akamleta Joram Kiango, akaanzisha kampuni yake, Heko. Kajubi Mukajanga, Hammie Rajab na wengine wakauza hadithi za mapenzi na ujasusi kwa maelfu ya vijana. Vilikuwa vitabu vyembamba vya karatasi hafifu, vikiuzwa pamoja na magazeti. Wasomi wakavidharau, maktaba nyingi hazikuvinunua, na karatasi ile ikawa njano na kukatika. Leo ni rahisi zaidi kuipata Kusadikika ya mwaka 1951 kuliko baadhi ya vitabu vilivyosomwa na kila kijana wa Kariakoo mwaka 1985. Hili linanisikitisha kwa dhati, kwa sababu ndivyo vilivyowafundisha wengi kwamba Kiswahili kinaweza kusomwa kwa starehe.

Nagona, mwaka 1990, na Mzingile, mwaka 1991, zilichapwa na Dar es Salaam University Press. Ni vitabu vifupi, vigumu, vya mtu anayetafuta ukweli katika dunia iliyopoteza njia. Idadi ya nakala ilikuwa ndogo, na mchapishaji alikuwa wa chuo kikuu, asiye na mtandao wa kuuza mikoani. Kwa hiyo mtu aliyetaka kuvisoma ilibidi aende Mlimani.

Sasa tuirudie ile orodha ya riwaya sita na tuitafute kila moja kwa njia ya mchapishaji wake. Rosa Mistika ilichapwa na Literature Bureau, mrithi wake wa Nairobi yupo mpaka leo, naye ameendelea kuichapa. Kwa hiyo aitafutaye aanze na Kenya Literature Bureau, hata kama mwandishi ni Mtanzania na hata kama yeye mwenyewe yuko Tanzania. Kichwamaji, Dunia Uwanja wa Fujo na Gamba la Nyoka zilichapwa upya Nairobi katika miaka ya 2000 na kampuni iitwayo Vide-Muwa. Anayeagiza kwa kutaja mchapishaji wa kwanza ataambiwa kitabu hakipo, na jibu hilo litakuwa kweli na si kweli kwa pamoja. Ataje Vide-Muwa. Nagona na Mzingile ndizo ngumu kuzipata. Kwa hizo mbili njia fupi zaidi ni maktaba: Chuo Kikuu cha Dar es Salaam kina sehemu ya East Africana inayohifadhi vitabu vilivyochapwa nchini, na Maktaba Kuu ya Taifa, iliyofunguliwa na Mwalimu Nyerere Desemba 1967, ni nyingine. Walio Ulaya na Marekani wana maktaba za vyuo vinavyofundisha Kiswahili, kama SOAS ya London, na maktaba ya mtaa wao inaweza kuwaazimia kutoka huko wakiomba kwa jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na mwaka.

Mambo hayo manne ni lazima yaandikwe pamoja. Kuna riwaya zenye majina yanayofanana na kuna waandishi wanaochanganywa kila siku. Mohamed Suleiman Mohamed wa Kiu na Said Ahmed Mohamed wa Utengano ni watu wawili, lakini orodha nyingi za maduka huwafanya mmoja. Jina la Muhammed Said Abdulla huandikwa kwa namna tatu au nne. Vuta N'kuvute ya Adam Shafi huandikwa na kibainishi na bila kibainishi, na mashine ya kutafutia ikikosa alama moja hudai kitabu hakijulikani. Ukikosa kwa jina, tafuta kwa jina la familia la mwandishi pekee, kisha pitia orodha yote kwa macho.

Namba ya ISBN nayo husaidia. Vitabu vya Tanzania mara nyingi hubeba tarakimu 9976 au 9987 mwanzoni, au baada ya zile 978 kama zipo, na vya Kenya mara nyingi hubeba 9966. Kwa tarakimu hizo utajua, hata kabla ya kuuliza, kama toleo ulilonalo ni la Dar es Salaam au la Nairobi, na uanzie upande upi. Vitabu vya kabla ya miaka ya 1970 havina namba hiyo, kwa hiyo usishangae ukurasa wa hakimiliki ukiwa mtupu.

Kuna mtego mmoja unaowakamata hata watu makini. Riwaya ikiteuliwa kutahiniwa shuleni, huzaa miongozo. Kenya ilipoteua Kidagaa Kimemwozea ya Ken Walibora, na baadaye Chozi la Heri ya Assumpta Matei, madukani ikajaa vitabu vyenye jina hilohilo kwa herufi kubwa, na neno mwongozo kwa herufi ndogo juu au chini yake. Anayeagiza kwa simu au kwa mtandao hufungua bahasha na kukuta maswali, majibu na muhtasari wa kila sura. Kabla ya kulipa, omba picha ya ukurasa wa kwanza wa sura ya kwanza. Kama ni riwaya utaona hadithi imeanza. Kama ni mwongozo utaona neno dhamira au wahusika.

Mtego wa pili ni nakala za wizi, nazo pia hufuata vitabu vya shule. Hutengenezwa kwa kupiga picha kurasa za kitabu halisi. Maandishi huwa hafifu au yenye ukungu, mistari hupanda upande mmoja, gundi ya mgongo huachia mapema, na mara nyingi kurasa chache zimerukwa au kuwekwa juu chini. Hesabu namba za kurasa katikati ya kitabu, wala usiishie mwanzo na mwisho. Nakala hizo huumiza mara mbili: msomaji hukosa sehemu ya hadithi, na mwandishi hakupata hata senti.

Lakini mtihani una faida yake kwa mtafutaji wa riwaya. Kitabu kikiondolewa katika mtaala, nakala zake halali humiminika kwa wauza vitabu vya zamani, na bei hushuka. Siku Njema ya Walibora, ya mwaka 1996, bado inapatikana kwa njia hiyo kuliko riwaya nyingi ambazo hazikuwahi kuingia darasani. Kwa anayeanza kukusanya, vitabu vilivyomaliza zamu yao shuleni ndivyo vya kwanza kununuliwa, kabla havijaisha.

Tangu miaka ya 1990 wachapishaji wengine wameziba sehemu ya pengo. Walter Bgoya, aliyeiongoza Tanzania Publishing House kwa muda mrefu, alianzisha Mkuki na Nyota mjini Dar es Salaam mwaka 1991. Kampuni hiyo ilizichapa upya kazi za Shaaban Robert, ikaitoa Vuta N'kuvute mwaka 1999, na vitabu vyake vinauzwa nje ya Afrika kupitia African Books Collective ya Uingereza, ambayo huchapa nakala kila mteja anapoagiza. Kwa Mswahili wa Ughaibuni hiyo ndiyo njia isiyo na usumbufu wa forodha wala wa kumwomba msafiri abebe kitabu. Upande wa Nairobi, tawi la Heinemann lilinunuliwa na Wakenya chini ya Henry Chakava, na mwaka 1992 likawa East African Educational Publishers. Basi anayetafuta tafsiri zilizotoka kwa jina la Heinemann aulize hapo kwanza.

Tuzo nazo zimekuwa mlango. Tuzo ya Kiswahili ya Mabati na Cornell, sasa ya Safal na Cornell, ilianzishwa mwaka 2014, na miswada iliyoshinda huchapwa. Ndiyo iliyotuletea riwaya kama Mungu Hakopeshwi ya Zainab Alwi Baharoon. Tanzania ikatoa Tuzo ya Mwalimu Nyerere ya Uandishi Bunifu kwa mara ya kwanza mwaka 2023. Orodha ya washindi wa kila mwaka ni njia nzuri ya kujua nani anaandika sasa, maana maduka mengi hutanguliza vitabu vya shule na riwaya mpya hukaa rafu ya chini kabisa.

Tafsiri mpya zimekuwa chache, lakini nazo zipo. Mwaka 1940 wasomaji wa Kiswahili walipata Elisi katika Nchi ya Ajabu. Mwaka 2015 Ida Hadjivayanis aliifasiri upya hadithi hiyo kwa jina la Alisi Ndani ya Nchi ya Ajabu. Huyohuyo ndiye aliyefasiri riwaya ya Abdulrazak Gurnah iliyotoka kwa Kiingereza mwaka 1994. Gurnah alizaliwa Zanzibar mwaka 1948, na riwaya ile ni ya kijana wa Kiswahili aliyewekwa rehani kwa tajiri ili kulipa deni la babake, akafuatana na misafara ya bara kabla ya vita vya Wajerumani na Waingereza. Watu wa riwaya hiyo wangezungumza Kiswahili, lakini Mswahili asiyejua Kiingereza alisubiri. Gurnah akapata Tuzo ya Nobeli mwaka 2021, na mwaka uliofuata Mkuki na Nyota ikaitoa Peponi, ya kwanza kati ya riwaya zake kuingia Kiswahili. Ilichukua miaka 28.

Yamebaki mayatima wengi ambao hawajapata mlezi. Haki za mwandishi hubaki kwa warithi wake kwa miaka 50 baada ya kifo chake, Kenya na Tanzania. Kwa hiyo mchapishaji akifa, riwaya haiwi mali ya kila mtu: inabaki kwa mjane, kwa watoto, kwa wajukuu, ambao mara nyingi hawajui kwamba wanamiliki kitu ambacho mtu fulani mahali fulani anakitafuta. Kama baba yako au bibi yako aliwahi kuchapisha riwaya na nakala zimekwisha, utafute mkataba wa zamani katika makaratasi ya nyumbani, usome unasemaje kuhusu kurudi kwa haki kitabu kinapoacha kuchapwa, kisha ubishe hodi kwa mchapishaji aliye hai. Na kama una kasha la vitabu vya Musiba, Mtobwa au Hammie Rajab lililosahaulika darini, usimpe muuza karanga afungie. Lipeleke Maktaba Kuu au chuo kikuu kilicho karibu nawe, ukiandika jina la kitabu, mwandishi, mchapishaji na mwaka.